Kijerumani cha kwenda Ujerumani: Hesabu saa za darasa, si miezi

Matangazo yamejaa kwenye simu na kwenye nguzo za stima: "Jifunze Kijerumani, fika B2 kwa miezi sita, upate nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani." Mzazi akiona hivyo huuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama, kisha huanza kuhesabu miezi. Mwezi wa sita unafika, mtoto bado yuko A2, na nyumbani kunaanza lawama: eti mtoto ni mvivu, au mwalimu ni mwizi. Mara nyingi hakuna aliyekosea isipokuwa ile hesabu ya mwanzo.

Herufi hizo si majina ya vitabu wala ya madarasa. Zimetoka kwenye kipimo cha lugha kilichochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ambacho kwa kifupi huitwa CEFR. Kina ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Kila ngazi imeelezwa kwa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa lugha hiyo, akisikiliza, akisoma, akizungumza na akiandika.

Mtu wa A1 anaweza kujitambulisha, kusema anakoishi na kuuliza bei, mradi anayezungumza naye aseme polepole na awe tayari kumsaidia. Wa A2 anamudu mambo ya kila siku aliyoyazoea: dukani, kwenye basi, kueleza familia yake na kazi yake kwa sentensi fupi. Wa B1 anaelewa mambo makuu mtu akizungumza wazi kuhusu kazi, shule au safari, na anaweza kusimulia jambo lililompata na kutoa sababu zake. Wa B2 anazungumza na wenyeji bila yeye wala wao kuchoka, anaelewa hoja kuu katika maandishi magumu, na anaweza kutetea maoni yake akionyesha faida na hasara.

Hapo ndipo mzazi anapoona kwa nini kazi ya uuguzi hudai ngazi ya juu. Mgonjwa haongei polepole, na anayempokea zamu hana muda wa kurudia. Kwa viza ya kwenda kusomea kazi, kwa kawaida hutakiwa angalau B1, lakini waajiri na vyuo vingi vya uuguzi hutaka B2. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala ni hili: "Ni ngazi gani hasa inayotakiwa, na nani anayeitaka, ubalozi au chuo?" Jibu likiwa "B1 inatosha", mzazi aombe kuliona limeandikwa na chuo chenyewe.

Swali la pili ni la muda. Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha na kutahini Nairobi na Dar es Salaam, hutoa makadirio kwa vipindi vya dakika 45, kuanzia mwanafunzi asiyejua neno. A1 huchukua vipindi 80 hadi 200. A2 ni 200 hadi 350. B1 ni 350 hadi 650, na B2 ni 600 hadi 800. Hivyo ni vipindi vya darasani pekee. Kazi ya nyumbani inakuja juu yake.

Makadirio hayo ni mapana kwa sababu wanafunzi hawalingani. Anayekuwa karibu na namba ya chini mara nyingi ni yule aliyezoea kujifunza lugha, anayesoma kila siku nyumbani, na ambaye darasa lake ni dogo kiasi cha kupata nafasi ya kuzungumza. Anayetegemea darasa peke yake husogea kwenye namba ya juu. Kwa kupanga mwaka, ni salama kuchukua namba ya katikati.

Chukua mfano wa binti wa Nakuru aliyemaliza kidato cha nne. Asubuhi anamsaidia mama yake kibandani, na mchana, siku tatu kwa wiki, anaenda darasani kwa saa tatu. Hizo ni saa tisa kwa wiki, sawa na vipindi 12. Mwaka una wiki 52, lakini si zote zinazosomeka. Toa likizo ya Desemba na ya Pasaka, wiki ambayo nauli haikupatikana, wiki aliyougua na wiki ambayo mwalimu hakufika. Zinabaki kama 42. Zidisha 42 kwa 12, upate vipindi 504.

Sasa zirudishe kwenye ngazi. Vipindi 504 vinaangukia katikati ya B1. Basi lengo la mwaka kwa binti huyu ni B1, na B2 haimo ndani ya mwaka huo hata akiwa na bidii, kwa kuwa namba ya chini kabisa ya B2 ni 600. Kwa mwendo wa vipindi 12 kwa wiki, B2 itamchukua kati ya mwaka mmoja na miezi miwili na mwaka mmoja na miezi saba. Huo ndio muda wa kumwambia wakala, na ndio muda wa kupangia karo.

Je, tangazo la miezi sita ni uongo mtupu? Si lazima. Miezi sita ina kama wiki 24 za kusoma. Ili kupata hata zile 600 za chini, mwanafunzi anahitaji vipindi 25 kila wiki, yaani karibu saa 19 za darasa, bila kukosa hata wiki moja, na awe mmoja wa wale wanaoshika haraka. Yupo anayeweza, ila hawezi kuwa anauza kibandani asubuhi. Mzazi akiulizia darasa, asiulize linachukua miezi mingapi. Aulize lina saa ngapi kwa wiki, kisha afanye hesabu hiyo mwenyewe kwenye karatasi.

Mwaka mzima ni mrefu mno kusubiri kabla ya kujua mambo yakoje, kwa hiyo unagawanywa. Kwa namba za katikati, binti wa Nakuru anapaswa kumaliza A1 kwenye mwezi wa nne na A2 kwenye mwezi wa saba. Miezi mitano iliyobaki ni ya B1. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo ngazi inavyokuwa pana, na ndiyo sababu wanafunzi wengi hukimbia mwanzoni kisha huonekana kama wamekwama. Hawajakwama. Wanachojifunza sasa ni kuunganisha sentensi na kueleza sababu, na hilo halionekani haraka kama kujua rangi na siku za wiki.

Ikiwa A2 imekuja mwezi wa tisa badala ya wa saba, mzazi ana mambo mawili ya kuchagua: kuongeza saa za wiki, au kusogeza tarehe ya mtihani wa B1. Kumsukuma mtoto afanye mtihani tarehe ile ile hakubadilishi hesabu. Kunapoteza ada na nauli ya Nairobi tu.

Lakini mzazi asiyejua Kijerumani atajuaje kama mtoto amefika kweli? Kosa kubwa ni kuamini jina la darasa. Kukaa katika darasa la B1 maana yake ni kwamba mtu anasomea B1, si kwamba anaiweza. Kitabu kinaweza kuisha huku mwanafunzi akiwa nyuma. Kipimo ni yale maelezo ya kila ngazi, na mengi yanaweza kujaribiwa mezani nyumbani.

Kwa kuzungumza, mwambie mtoto ajirekodi kwenye simu dakika tatu, bila karatasi, akisimulia jambo lililoharibika wiki hiyo na kwa nini, labda basi lililoharibika njiani au mteja aliyekataa kulipa. Huhitaji kuelewa maneno. Sikiliza kama anaendelea au anasimama kila baada ya maneno mawili. Hifadhi rekodi hiyo, na mwezi ujao mwambie asimulie jambo jingine, kisha mzisikilize zote mbili pamoja. Aliye B1 husita akitafuta neno, lakini hadithi hufika mwisho.

Kwa kusikiliza, Deutsche Welle ina kozi ya bure mtandaoni iitwayo Nicos Weg, iliyogawanywa kwa A1, A2 na B1. Mwekee kipande ambacho hajawahi kukiona, mara moja au mbili, bila maandishi, kisha akueleze kwa Kiswahili nani alitaka nini na ikawaje. Mtu wa B1 haelewi kila neno, ila mambo makuu hayampiti. Akikuambia "nimesikia neno gari na neno kesho", bado yuko chini, hata kama daftari lake limejaa alama za vema.

Kwa kuandika, mpe saa na umwambie aandike barua pepe ya maneno kama 80 kwa rafiki, akieleza sherehe aliyohudhuria na kwa nini aliipenda. Hiyo ndiyo aina ya kazi iliyo kwenye mtihani wa B1 wa Goethe. Asitumie kamusi wala simu. Mwalimu asahihishe, na mzazi aulize jambo moja tu: "Mwalimu, mtu aliye Ujerumani angeelewa barua hii bila kumpigia simu kuuliza?"

Majaribio haya huonyesha jambo ambalo cheti cha darasa hulificha: ujuzi wa mtu haulingani sehemu zote. Wanafunzi wengi wa huku husoma na kuandika vizuri kuliko wanavyosikiliza, kwa sababu nje ya darasa hakuna anayewasemesha Kijerumani. Binti anaweza kuwa B1 kwa kusoma na A2 kwa kusikiliza. Lengo lake la miezi mitatu basi si "kuongeza bidii"; ni nusu saa ya kusikiliza kila siku hadi masikio yayafikie macho.

Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja hupitwa kwa alama 60 kati ya 100. Sehemu hizo zinaweza kufanywa pamoja au moja moja. Binti akipita tatu na kuanguka kusikiliza, anarudia kusikiliza pekee. Kwa hiyo mpango wa mwaka uache miezi miwili kati ya mtihani na tarehe ambayo cheti kinatakiwa. Na kabla ya kulipa ada, afanye nyumbani mtihani wa mfano ulio kwenye tovuti ya Goethe-Institut, kwa muda uliowekwa. Akipata 75 kila sehemu, aende. Akipata 61, siku ya mtihani, kwa woga na uchovu wa safari, alama hiyo itashuka.