Tangazo la Kliniki ya Meno Hupimwa Kitini

Anayetangaza sabuni au unga wa sembe humwita mtu ambaye hana sababu ya kukimbia. Mwenye kliniki ya meno huandika kwa msomaji wa namna nyingine kabisa: mtu aliyekwisha kuahirisha mara tatu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akabana karafuu penye tundu, akanunua vidonge vya maumivu duka la jirani, na jino bado linamnyima usingizi. Kwa kuwa ni mgumu kuja, matangazo mengi hushika moja ya njia mbili za mkato. Ama humtisha ili aje mbio, ama humwahidi makubwa ili asiogope. Hoja yangu ni kwamba njia zote mbili humharibia daktari kazi yake mwenyewe. Tangazo la meno lina jambo ambalo matangazo mengine hayana: msomaji wake atakaa kitini, mdomo wazi, taa usoni, na hapo atalipima neno kwa neno. Lililoandikwa kwenye bango ama litatimia hapo, ama litamfanya asimwamini daktari hata anaposema kweli.

Tuanze na hofu, maana wanaoitumia hudhani kwamba walau inafanya kazi. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Irving Janis na Seymour Feshbach, walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari katika jimbo la Connecticut, na somo lenyewe lilikuwa ni usafi wa meno. Kundi moja lilipewa mhadhara wa kutisha sana, wenye picha za vinywa vilivyooza na maelezo ya maumivu. La pili lilipewa hofu ya kadiri, na la tatu likaelezwa mambo yale yale kwa utulivu, karibu bila kutishwa. Waliotishwa sana ndio waliotoka na wasiwasi mkubwa kuliko wote. Lakini baada ya wiki moja, walipoulizwa wanayatunzaje meno yao, badiliko la kufuata ushauri lilikuwa asilimia 36 kwa wale wa mhadhara wa utulivu, na asilimia 8 tu kwa waliotishwa sana. Wasiwasi uliongezeka, mwenendo ulibadilika kidogo tu.

Haki inataka niseme kwamba jaribio hilo halikufunga mjadala. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa hofu huweza kumsukuma mtu atende, ila kwa sharti: aone wazi hatua anayoweza kuichukua, na aamini kwamba itamfaa. Mtafiti Kim Witte alilieleza jambo hili mwaka 1992 kwa namna ambayo kila mwenye kliniki angefaa kuikumbuka. Mtu akiona hatari ni kubwa na njia ya kutoka haionekani, huacha kupambana na hatari akaanza kupambana na hofu yake. Hugeuza uso, hujiambia kwamba wanatia chumvi, au huenda kwa yeyote atakayemtuliza haraka. Nchini Tanzania tuna mfano wake mchungu. Wazazi wametishwa kwamba mtoto mchanga anayeharisha na kuwa na homa ana “meno ya plastiki”, nao wakampeleka kwa mtu anayepasua fizi kwa chombo kisicho safi na kuchimbua machipukizi ya chonge, meno ya kawaida kabisa ambayo wakati wake wa kutoka haujafika. Mtoto huyo alihitaji maji, chumvi na sukari mwilini, na hospitali. Hofu iliwafanya wazazi wake watende upesi, kweli. Iliwapeleka mahali pasipostahili. Bango linalosema “Jino bovu linaua!” bila neno lingine linapanda mbegu ya aina ile ile, na halina uwezo wa kuchagua mavuno yaende kwa nani.

Hapa nitaulizwa: je, si kweli kwamba jino bovu huweza kuua? Ni kweli, mara chache. Usaha wa jino la chini huweza kushuka chini ya taya na shingoni, uvimbe ukapanda hadi ulimi ukasukumwa juu na njia ya hewa ikabanwa. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kungoja asubuhi. Lakini tazama tofauti ya kutisha na kuonya. Anayeonya hutaja dalili, hutaja la kufanya, na hutaja muda: ukiona uvimbe chini ya taya, homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza mate kunakushinda, nenda hospitali kubwa sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Sentensi hiyo ni nzito kuliko bango lolote la kutisha, na haimdhuru mwenye tundu dogo, kwa sababu anajisoma humo na kuona kuwa yeye hayumo. Anaweza kuja Jumatatu kwa utulivu. Anayetisha huwafunga watu wote kamba moja, mwenye usaha shingoni na mwenye jino linaloshtuka kwa maji baridi.

Sasa ahadi. Hakuna inayopendwa kama “bila maumivu kabisa”, na hakuna inayovunjika vibaya kama hiyo. Ganzi huzuia maumivu, haizuii kusikia kusukumwa na kuvutwa. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo, akisikia taya linasukumwa, hudhani ganzi imeshindwa na hukakamaa mwili mzima. La pili ni zito zaidi. Penye usaha nyama huwa na asidi, na dawa ya ganzi hupoteza nguvu kwenye asidi. Kwa hiyo anayeumwa kuliko wote, yule aliyekesha siku mbili na shavu limevimba, ndiye ambaye ganzi inaweza kumshika kwa shida. Ahadi ya “bila maumivu” humwangukia yeye aliyeiamini zaidi. Daktari mzuri anajua la kufanya: kuchoma sindano mbali kidogo na penye usaha, kungoja, kupima kama imeshika, pengine kuutoa usaha kwanza na kuahirisha mengine. Kwa nini basi asiyaandike hayo, badala ya kuandika lisilo katika uwezo wake?

Ahadi ya “meno meupe kwa saa moja” ina kasoro yake, na katika nchi yetu ni kasoro kubwa. Wengi waliokulia kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro wana meno ya kahawia kwa sababu maji ya kunywa yalikuwa na floridi nyingi, kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kuwa kikomo. Rangi hiyo haikupakwa juu ya jino. Floridi iliharibu ujengaji wa enameli, lile ganda gumu la nje, jino likiwa bado ndani ya fizi utotoni. Dawa ya kung'arisha meno huondoa vizuri weusi wa chai na tumbaku, lakini kahawia hii mara nyingi huisogeza kidogo tu, na penye madoa meupe huweza kuyafanya yaonekane zaidi. Mwenye meno hayo pengine anahitaji kusuguliwa tabaka jembamba la juu, au kufunikwa meno ya mbele, na hizo ni kazi nyingine na gharama nyingine. Kijana wa Arusha anayejibana mwezi mzima apate fedha ya kung'arishwa, akaondoka na kahawia yake, hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa.

Picha za “kabla na baada” nazo zimo humo humo. Jino likikaa wazi dakika kadhaa bila mate hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Picha ikipigwa mgonjwa akiwa bado kitini inaonyesha weupe ambao baadhi yake utapungua mara jino litakaporudi kuwa na unyevu. Mwenye nia njema angoje wiki mbili ndipo apige picha ya pili, kwa taa ile ile na umbali ule ule, kwa ruhusa ya mwenye kinywa, na aandike chini yake tatizo lilikuwa nini na kazi ilichukua siku ngapi.

Tangazo lisemeje basi? Lieleze ziara ya kwanza. Chukulia kliniki ya mtaani iandike hivi: “Jino likikuuma, njoo tuliangalie. Daktari atakuuliza maswali, atakutazama kinywa, na ikihitajika atapiga picha ya eksirei. Kwa hayo utalipa shilingi 20,000. Utaelezwa jino lina nini, njia zipi zipo na kila moja ni shilingi ngapi, na unaweza kurudi nyumbani ukafikiri. Kabla ya kuziba au kung'oa utachomwa sindano ya ganzi, na daktari atapima kama imeshika ndipo aanze. Utasikia kusukumwa. Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto, naye atasimama.” Chini yake liwepo jina la daktari na namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo hakuna sifa hata moja, na kila sentensi inaweza kuhakikiwa na mgonjwa siku hiyo hiyo. Ule mkono ulioinuliwa una kazi kuliko maneno yote mengine, kwa kuwa anayeogopa kiti cha meno mara nyingi haogopi maumivu peke yake. Anaogopa kuumizwa huku hawezi kusema. Ila asiyekusudia kusimama asiuandike.

Wenye kliniki watanijibu kwamba bei haiandikiki, kwa sababu kila jino na lake. Ni kweli kwa tiba, si kweli kwa kumwona daktari. Hiyo inajulikana asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Na hata penye tiba, kinachopandisha bei kinaelezeka. Kutibu mzizi wa jino la mbele kwa kawaida ni kusafisha mfereji mmoja, gego lina mitatu au minne, kwa hiyo muda na gharama havilingani. Mgonjwa akilijua hilo mapema hatadhani kwamba bei imepandishwa alipoonekana amevaa vizuri.

Watasema tena kwamba jirani anaahidi makubwa, na msema kweli ataachwa na viti vitupu. Sikatai kwamba bango la makeke huvuta watu wiki ya kwanza. Lakini kazi ya meno haiishi siku moja. Mzizi huweza kuhitaji kurudi mara mbili au tatu, na aliyeondoka akijiona amedanganywa harudi. Humwacha daktari na kazi nusu, na mfereji uliofunguliwa ukabaki na kizibo cha muda huingia uchafu tena, jino likaishia kung'olewa. Anayerudi ni yule aliyekuta kitini kile alichokisoma. Na kama kliniki haitibu mizizi ya magego, iandike hivyo hivyo kwenye tangazo, pamoja na hospitali inakowapeleka wagonjwa wa namna hiyo.