Moba: vumbi la siku 10 lisifichwe ndani ya hesabu ya mwezi

Ripoti ya mwezi ya kazi ya ujenzi huandika maji, vumbi na makelele: kipimo, mpaka wa ruhusa, kisha "sawa". Wakaaji wa Moba na wahami wanaolala karibu na kazi kama hizo wadai vipimo vya kila siku.

Chukua vumbi laini linaloingia kifuani (PM10). OMS inashauri lisipite mikrogramu 45 katika mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 24. Siku 20 zikionyesha 30, na siku 10 za kiangazi, malori yakipita, zikionyesha 70, wastani wa mwezi ni 43. Kwenye karatasi ni sawa. Mtoto aliye chini ya turubai amevuta siku 10 mbaya.

Makelele nayo: usiku usichanganywe na mchana.

Maji ndiyo rahisi zaidi kuchezewa. Yachotwe juu ya kazi na chini yake, mvua inaposhusha tope mtoni. Anayepima siku kavu tu hataliona tope hilo. ACE, inayofuatilia mazingira kwa niaba ya serikali, ikatae ripoti isiyotaja siku, saa na mahali pa kuchota.