Barua ya Tabia Njema Isiwe Ushahidi wa Uongo

Katika ofisi nyingi za sharika kuna barua moja iliyohifadhiwa, nayo hutolewa kila mara msharika anapotiwa hatiani mahakamani. Hubadilishwa jina tu. Inasema kwamba ndugu huyu ni Mkristo mwaminifu, anahudhuria ibada, anatoa sadaka, na sisi tunaomjua tunaamini hawezi kutenda jambo kama hilo. Mhuri unagongwa, mchungaji anasaini, ndugu wanaondoka wakishukuru. Mimi nasema barua hiyo ni uongo uliopigwa mhuri, tena inamdhuru yule yule inayotaka kumsaidia.

Tuangalie inafika mahakamani wakati gani. Hakimu akishamtia mtu hatiani, huuliza upande wa mashtaka kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, kisha humpa aliyetiwa hatiani nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inamruhusu hakimu kupokea hapo ushahidi wa kumsaidia kupima adhabu inayofaa. Swali la kama alitenda limekwisha kujibiwa. Anayebisha hukumu ana mlango wa rufaa. Anayebisha ndani ya barua ya kuomba huruma anamwambia hakimu kwamba mtu huyu na watu wake hawajakubali kosa. Basi atubu nini, na nani atamwangalia?

Chukua mfano wa karani wa duka la vifaa vya ujenzi aliyeiba shilingi 1,800,000 za mauzo. Ni kosa lake la kwanza. Hakimu anaweza kumpeleka gerezani, au kumwachia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi, au kumpa adhabu ya kuitumikia jamii. Ili achague, anahitaji kujua mambo ambayo jalada la kesi halina. Mzee wa kanisa mwenye karakana ya useremala aliyewahi kumwajiri angeweza kuandika hivi:

“Nimemfahamu kwa miaka 9, na kwa miaka 2 alikuwa mfanyakazi wangu. Najua ametiwa hatiani kwa kuiba shilingi 1,800,000. Kwangu alikuwa akitumwa kununua mbao kwa fedha taslimu na kuleta hesabu kila Jumamosi, sikuona upungufu. Tangu akamatwe amemrudishia mwenye duka shilingi 600,000, nami nilikuwapo akizikabidhi. Asipofungwa, nitampa kazi ya karakana asiyoshika fedha, na kila wiki nitakata shilingi 30,000 kwenye ujira wake zimfikie mwenye duka.”

Barua hiyo haina sifa hata moja, lakini ina uzito. Inataja kosa kwa jina, hivyo hakimu anajua mwandishi hakudanganywa. Haisemi “ni mwaminifu”. Inasema “sikuona upungufu”, yaani inashuhudia kile tu ambacho macho yaliona. Na mwisho inaleta mpango unaohesabika: shilingi 1,200,000 zilizobaki zitalipwa kwa wiki 40. Mzee akiitwa kuulizwa, kila sentensi yake inaweza kujibu swali la “Umejuaje?” Sentensi isiyoweza kulijibu ifutwe kabla ya kusaini.

Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni alifanya vivyo hivyo. Hakuficha kwamba huenda kuna hasara, bali aliomba deni hilo aandikiwe yeye, tena kwa mkono wake mwenyewe. Wenzangu hunijibu kwamba Katekisimo, katika amri ya nane, inatufundisha kumsemea jirani mema. Ni kweli. Lakini amri yenyewe inakataza kushuhudia uongo, na mwenye duka naye ni jirani. Ukimwandikia hakimu kwamba wizi haukutokea, umemfanya aliyeibiwa kuwa mwongo.

Kwa hiyo mchungaji asiandike kabla ya kumsikiliza aliyeumizwa, na barua isitumike kumshinikiza asamehe. Hili ni zito zaidi pale aliyeumizwa ni mtoto na aliyemwumiza ni mtu mwenye cheo kanisani. Hapo cheo si sababu ya kupunguziwa. Mara nyingi ndicho kilichomfungulia mlango.

Tena tusiwauzie ndugu tumaini la bure. Kuna makosa ambayo sheria imeyawekea adhabu ya chini kabisa. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, na hakuna barua ya askofu wala ya mwajiri inayoweza kumshusha hakimu chini ya hapo. Familia iambiwe hivyo waziwazi, badala ya kutumwa mahakamani na bahasha yenye mhuri.

Ile barua iliyohifadhiwa ofisini ifutwe. Na kama humjui mtu kiasi cha kuandika unachojua na utakachomfanyia, mwambie ndugu yake ukweli huo, kisha umpeleke kwa yule anayemjua.