Kidonge cha mchuzi kihesabiwe kama chumvi

Mfanyabiashara anayeshuka basi Nyabugogo, Kigali, anaweza kula isombe tamu leo, na kesho mgahawani hapo hapo akakuta chumvi kali. Lawama humwangukia mpishi. Pengine amebadilisha tu kidonge cha mchuzi. Kuna vidonge vya gramu 4 na vya gramu 10, na karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Anayenunua vikubwa upande wa pili wa mpaka na kutia idadi ile ile ameongeza chumvi zaidi ya mara mbili.

Kwenye sufuria ya watu 10, vidonge viwili vikubwa vina takriban gramu 10 za chumvi, yaani gramu moja kwa kila mlaji kabla ya kuhesabu dagaa wakavu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo kile kijiko cha chumvi cha mazoea kiachwe. Majani yachemshwe bila chumvi mpaka yalainike, karanga ziingie, kisha kidonge kimoja kivurugwe katika maji moto na kutiwa mwishoni, maana maji hukauka lakini chumvi hubaki. Mpishi aonje kwanza, ndipo afikirie cha pili.

Chumvi ikishazidi, kiazi hakisaidii sana: hunyonya mchuzi wote, si chumvi peke yake. Kinachofaa ni kuongeza majani yaliyochemshwa au karanga zisizo na chumvi.