Namba ya mteja si ruhusa ya kumwingiza kwenye grupu

Msimu wa kupanda ukikaribia, simu za watu wa Matinyani hujaa magrupu mapya. Kuna la mbegu za ndengu, kuna la mizinga ya nyuki, kuna la akina mama wanaosuka vyondo na kutafuta wanunuzi wa Nairobi. Mengi hayakuanza kwa kuuliza mtu. Mteja alilipa kwa simu, namba yake ikabaki kwenye meseji ya malipo, na wiki mbili baadaye akaamka akajikuta ndani ya grupu la watu 140 asiowajua.

Msimamo wangu ni kwamba hilo ni kosa, hata kama mwenye duka ana nia njema na bidhaa nzuri. Mteja alikupa namba ili malipo yapite. Hakukupa ili umtambulishe kwa watu wengine 139.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana agroveti karibu na soko. Kati ya Septemba na Oktoba anauza mbegu ya ndengu aina ya N26, na wengi wanamlipa kwa M-Pesa. Kila mtu akituma pesa, jina na namba vinaingia kwenye simu yake. Jioni moja anaketi, anahifadhi namba zote moja moja, anafungua grupu na kuwaingiza watu 140. Meseji ya kwanza anayotuma ni picha ya mifuko ya mbolea na neno "Karibuni."

Kinachofuata kila mtu amewahi kukiona. Watu kumi wanajibu "asante" au "amina," na kila jibu linalia kwenye simu 140. Hapo tayari ni milio 1,400 bila habari hata moja ya mbegu. Mwingine anaweka tangazo la mkopo wa haraka, na mwingine analeta video ya dakika nne. Mzee wa Mutonguni aliyenunua bando la bob 20 ili aongee na binti yake Mombasa anashangaa limeenda wapi. Simu yake imepakua video ile yenyewe.

Lakini kelele ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba kwenye grupu la kawaida la WhatsApp, kila mwanachama anaweza kuona namba za wengine wote. Mama wa agroveti ametoa daftari lake la wateja na kulitundika mlangoni. Mshindani wake wa Kabati, kama yumo, anazo namba zote, na tapeli pia, kama yumo.

Na tapeli hahitaji ujanja mwingi hapo. Anaweka picha ya duka kwenye laini yake nyingine, anaandika jina lilelile, kisha anamwandikia mteja mmoja mmoja pembeni: "Mama, mbegu zimefika, ile namba ya kulipia ina shida leo, tuma kwa hii." Mteja amezoea kumlipa huyo mama kwa simu, amemwona kwenye grupu juzi, na mvua iko karibu. Anatuma. Siku ya kwenda kuchukua mbegu, mwenye duka hajui lolote.

Ndiyo maana kampuni za malipo zimeanza kupunguza kinachoonekana. Ukilipa kwa namba ya Till siku hizi, mara nyingi mwenye biashara haoni namba yako yote, sehemu yake imefichwa. Baadhi ya wafanyabiashara wanalalamika kwamba wamenyimwa wateja. Mimi naona wamepunguziwa mzigo. Namba ambayo huna haiwezi kuvuja kutoka kwako.

Sheria nayo iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia taarifa binafsi za mtu kwa biashara bila kwanza kupata idhini yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inaruhusu na mhusika ameambiwa. Namba ya simu ni taarifa binafsi. Na si sheria ya kukaa kabatini tu. Mwezi wa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya Sh2,975,000, kwa kutumia majina na namba ilizopata kutoka kwa watu wengine, kisha kuwatumia wahusika meseji za vitisho na kuwapigia. Duka la mbegu si kampuni ya mikopo, na sidhani kuna afisa atakayekuja Matinyani kesho kwa sababu ya grupu la ndengu. Lakini mteja aliyeudhika anaweza kupeleka malalamiko huko, na ukiulizwa idhini yako iko wapi, "alilipa kwa M-Pesa" si jibu.

Nimesikia wafanyabiashara wakisema: nikianza kuuliza, wengi watakataa. Labda. Lakini Ukambani tunajua mwethya. Kikundi cha kuchimba mitaro ya shamba au kusaidiana kuvuna huitwa kwa kupita nyumba kwa nyumba, watu wakaambiwa kazi ni nini na ni siku gani. Hakuna anayeamka akaambiwa ameshakuwa ndani. Sijui kwa nini simu itufanye tusahau hodi.

Basi mama wa agroveti afanye nini? Kwanza aulize palepale dukani, mteja akiwa mbele yake: "Mzee, mbegu mpya zikifika nikuandikie WhatsApp?" Akikubali, anaweka alama kwenye daftari. Hiyo alama na tarehe yake ndiyo idhini, na inatosha kwa biashara ya kiasi hicho. Kwa wale waliolipa bila kufika dukani, anaweza kutuma meseji moja, ya faragha, inayosema yeye ni nani na amepata wapi namba:

"Habari ya leo. Ni mimi wa agroveti ya Matinyani, ulinunua ndengu kwangu wiki jana. Mbegu na dawa zikifika huwa natuma meseji moja kwa wiki, pamoja na bei. Ungependa kuzipata? Ukinyamaza sitakuandikia tena."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wengi huandika kinyume chake, "usipotaka niambie," na hapo aliyenyamaza anahesabiwa amekubali. Kunyamaza si kukubali. Pengine mtu hana bando, pengine simu iko kwa mtoto.

Tuseme kati ya wale 140, sitini wanakubali. Bado hana haja ya grupu. Kama lengo ni kuwaambia bei tu, WhatsApp ina orodha ya matangazo, inayopatikana kwa kubonyeza New broadcast. Ujumbe unaandikwa mara moja, unawafikia hadi watu 256, na kila mmoja anaupokea kama meseji yake peke yake. Hakuna anayemwona mwenzake, na akijibu, jibu linamfikia mwenye duka tu. Ina kikomo kimoja: anayepokea lazima awe amehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu hulalamika kuhusu hilo, lakini mimi nalipenda. Mtu aliyekuhifadhi anakujua.

Grupu lina maana pale watu wanapohitaji kuongea wao kwa wao, kwa mfano wasukaji vyondo wanaojaza oda moja ya vipande hamsini na lazima wajue nani amefikia wapi. Hapo tuma linki ya mwaliko, mtu aingie mwenyewe. Eleza kwenye maelezo ya grupu linahusu nini na lini litafungwa. Kama ni la kutoa taarifa, ruhusu maadmini peke yao kuandika. Na ukiandika bei, iandike. Hii tabia ya kuweka picha ya bidhaa na "bei njoo inboksi" inawachosha watu, na inawafanya sitini waulize swali moja mara sitini.

Sasa pesa zenyewe, maana ndipo adabu huvunjika zaidi. Watu wana mazoea ya kuthibitisha malipo kwa kuweka picha ya meseji ya M-Pesa kwenye grupu. "Nimetuma, oneni." Meseji hiyo ina jina la aliyepokea, namba ya muamala, na mara nyingi salio lililobaki kwenye simu yako. Umewaonyesha watu sitini umebakiwa na ngapi. Na kwa anayepokea, picha hiyo si ushahidi wa chochote, kwa sababu picha huhaririwa kwa dakika mbili. Malipo yanathibitishwa na meseji iliyoingia kwenye simu ya aliyelipwa, au salio lake, basi. Mweka hazina aseme "nimepokea ya fulani" baada ya kuangalia simu yake, na wanachama waambiwe mapema kwamba picha hazihitajiki.

Madeni nayo yana mahali pake. Kumwandika mtu kwenye grupu kwamba hajalipa mfuko wa mbolea kunaleta pesa haraka wakati mwingine, siwezi kukataa. Pia kunampoteza mteja, shemeji yake na jirani yake, maana Matinyani si kubwa hivyo. Mwandikie pembeni. Asipojibu, mpigie. Asiposhika, nenda nyumbani kwake kama mtu.

Namba ya malipo iandikwe mahali pamoja, kwenye maelezo ya grupu au kwenye bango la duka, na mwenye biashara aseme tangu mwanzo kwamba haitabadilishwa kwa meseji ya pembeni. Mteja akipata namba mpya, apige simu kwa ile ya zamani kabla ya kulipa, na asome jina linalotokea kabla hajathibitisha malipo. Aliyekwisha kutuma kwa M-Pesa kimakosa asambaze ile meseji ya muamala kwenda 456 papo hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Meseji ya tapeli mwenyewe ipelekwe 333.

Na wewe uliyeingizwa bila kuulizwa huna haja ya kugombana. Toka. Tangu 2022 WhatsApp humjulisha admini tu unapotoka, si grupu zima. Kisha fungua Settings, Privacy, Groups, na uchague My contacts. Kuanzia hapo, mtu ambaye hujamhifadhi hawezi kukuingiza moja kwa moja. Atalazimika kukutumia mwaliko, na una siku tatu za kuukubali kabla haujaisha. Ukipenda mbegu zake, utaingia.

Mvua zikishapita na ndengu zikavunwa, kwa kawaida Januari au Februari, mama wa agroveti aulize tena wale sitini kama wanataka kubaki msimu ujao. Wengine watasema wamehamia mtama. Awafute kwenye orodha, na kwenye daftari pia.