Kabla ya kutumbua hilo jipu la mbwa, hesabu miguu

Kama unafuga mbwa hapa Garissa, unajua mvua ikinyesha kunakuwaje. Novemba 2023, Tana ilipofurika na barabara ya Nairobi ikakatika, Tiger, mbwa wa ploti yetu, alishinda kwenye matope siku nyingi. Halafu akaanza kuchechemea. Katikati ya vidole vya mguu mmoja wa mbele kulikuwa na uvimbe mwekundu unaong'aa, kama zabibu. Nikafanya kile hata wewe ungefanya: nikautumbua, kisha nikapaka krimu ya fangasi ya binadamu. Wekundu ukapoa siku mbili, halafu mguu ukafura mara mbili ya kwanza.

Sikiza, hicho kitu mara nyingi si kifuko cha maji. Ngozi ikikaa na unyevu inalainika, matope yanasugua, na tundu ambamo unywele unaota linapasuka ndani kwa ndani. Mwili unauchukulia huo unywele kama mgeni, unavimba, bakteria wanaingia. Ukibana, unapasua zaidi na usaha unazama chini. Nayo krimu yangu, kumbe ilikuwa na steroidi. Hiyo hupoza wekundu huku ikiishusha kinga ya ngozi, na mbwa anailamba.

Fangasi ina sura yake. Manyoya ya vidoleni yanageuka rangi ya kutu kwa kulambwa, ngozi inakuwa na mafuta, inanuka kitu kilichovunda, na kwa kawaida ni zaidi ya mguu mmoja. Daktari wa mifugo anabandika seloteipu hapo, anaitia rangi, anaangalia kwa hadubini. Vijidudu vinaonekana kama karanga yenye maganda. Hiyo inaoshwa kwa shampuu ya klorheksidini na mikonazoli, unaiacha dakika kumi, unasuuza, unakausha hadi katikati ya vidole.

Swali la kwanza la daktari kwa Tiger lilikuwa: miguu mingapi? Mmoja tu. Akamlaza kwa dawa, akafungua, akatoa ncha ya mwiba wa mathenge. Ile miti imejaa kote huku, na matope huificha miba. Siku ya saba Tiger alikuwa anakimbia, lakini antibiotiki alimeza wiki sita, kwa sababu maambukizi ya ndani hupona juu kwanza.

Mi naona tunayasingizia matope kila kitu. Mguu mmoja, tafuta mwiba. Miguu mingi, na inarudi hata kiangazi, basi uliza kuhusu mzio au utitiri wa ngozi. Shampuu peke yake haitamaliza. Shida ni kwamba majirani wengi hapa hawamgusi mbwa, kwa hiyo mguu haukaguliwi hadi achecheme. Siku hizi mimi na mlinzi tunaweka ndoo na kitambaa kikuukuu getini. Tiger anachukia hiyo ndoo kabisa, lakini mguu anatoa.