Kata Kodi, Lakini Nipe Cheti

Nasema mapema ili tusielewane vibaya: sipingi kodi. Ninachopinga ni ule mchezo wa kumwalika mwandishi, kumwandikia kiasi fulani kwenye barua, kumkabidhi kiasi kingine siku ya shughuli, halafu ile tofauti ikaitwa "kodi ya zuio" bila karatasi hata moja ya kuithibitisha. Matamasha yetu ya vitabu yanapenda sana kuzungumzia haki ya msanii. Basi tuanzie pale mezani kwa mhasibu.

Ninaishi Zagayu, kata ambayo zamani ilihesabiwa Bariadi na leo iko wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Nilialikwa Mwanza kuzungumza kwa saa moja na nusu juu ya hadithi simulizi za Kisukuma na namna ya kuziandika kwa Kiswahili. Barua ilisema honoraria ni shilingi 300,000. Haikusema kama ni kabla ya makato au baada, wala haikutaja nauli. Mazungumzo yalikwenda vizuri, watu waliuliza maswali mazuri, tukapiga picha. Kisha nikaitwa pembeni.

"Mwalimu, tumekata kodi ya zuio asilimia 15," akasema mhusika wa malipo. "Kwa hiyo utapata 255,000. Saini hapa."

Kwenye orodha ya malipo, mbele ya jina langu, palikuwa na safu moja tu ya kiasi, nayo ilisema 300,000. Niliuliza asilimia 15 imetoka wapi. Jibu: "Ndivyo tunavyokata wageni wote." Nilisaini, lakini pembeni ya sahihi nikaandika "nimepokea 255,000". Hakufurahi.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na marekebisho yaliyofuata, malipo ya huduma kwa mtu mkazi wa Tanzania hukatwa asilimia 5. Asilimia 15 kwenye malipo ya huduma ni ya asiye mkazi. Iko pia asilimia 15 ya mrabaha na ya ada za wakurugenzi wa bodi. Mimi sikuuza haki ya kitabu pale Mwanza, si mkurugenzi wa bodi yao, na Zagayu haijahamia nje ya nchi. Neno "mgeni" kwenye ratiba ya tamasha lina maana ya mtu aliyealikwa. Kwenye kodi, ukazi ni habari nyingine kabisa. Asilimia 5 ya 300,000 ni 15,000. Mimi nilikatwa 45,000. Ile 30,000 ya katikati haina jina la kisheria.

Kisha ikaja safari. Bodaboda na mabasi, kwenda na kurudi, 60,000. Gesti usiku mmoja, 30,000. Chakula, 15,000. Toa 105,000 kwenye 255,000, inabaki 150,000. Hiyo ni nusu kamili ya kiasi kilicho kwenye orodha, na kazi yenyewe ilinichukua siku mbili za njiani pamoja na wiki mbili za kuandaa.

Angalia pia mtego wa nauli. Nauli inayorejeshwa kwa tiketi ni gharama iliyorudishwa, si malipo ya huduma. Lakini mwandaaji akikwambia "laki tatu, nauli humohumo", anakukata kodi hadi kwenye tiketi ya basi. Ndiyo maana nauli inafaa iandikwe mstari wake, mbali na honoraria. Kwa anayetoka mtaa wa pili tofauti ni ndogo. Kwa anayetoka Simiyu, ni sehemu kubwa ya malipo.

Turudi kwenye karatasi, maana hapo ndipo penye uzito. Kodi hii ya asilimia 5 kwa mkazi siyo kodi ya mwisho. Ni kodi iliyolipwa kabla kwa niaba yako. Mwisho wa mwaka, unapokokotoa kodi yako yote, unaitoa kwenye unachodaiwa. Na kama mapato yako yanayotozwa kodi kwa mwaka mzima, kutoka kila chanzo, hayajavuka 3,240,000, hukuwa na kodi ya kulipa kabisa. Basi ile 15,000 ni hela yako, nawe una haki ya kuidai. Waandishi wangapi tunaosoma kurasa hizi tumevuka kiwango hicho kwa kalamu?

Lakini huwezi kudai bila ushahidi. Ushahidi ni cheti cha kodi ya zuio, chenye jina lako, namba yako ya mlipakodi, kiasi ghafi na kodi iliyokatwa. Aliyekukata ana wajibu wa kupeleka kodi TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na kukupa cheti ndani ya siku 30 baada ya mwezi huohuo. Ukizungumza Agosti, kodi iwe imefika kufikia tarehe 7 Septemba, na cheti kiwe mkononi mwako kufikia tarehe 30 Septemba. Mimi niliomba changu mara mbili. Mpaka leo sijajibiwa. Bila cheti, najuaje kama ile hela ilivuka mlango wa ofisi yao?

Najua utetezi wao. Wa kwanza ni kwamba honoraria si mshahara, ni zawadi ya heshima, na mtu hahesabu heshima. Haya. Kama ni zawadi, kodi ya malipo ya huduma mmeitoa wapi? Na kama ni malipo ya huduma, basi niulizwe bei kama anavyoulizwa mwenye vipaza sauti na mwenye mahema. Haiwezekani iwe zawadi tunapopatana na iwe ujira wakati wa kukata.

Wa pili ni kwamba fedha ni za mfadhili, na bajeti ilishafungwa. Sikatai. Lakini bajeti iliyofungwa haizuii kuchora safu tatu kwenye orodha: kiasi ghafi, kodi, kilichopokelewa. Orodha yenye safu moja inamfanya mwandishi atie sahihi hela ambayo hakuishika. Mkaguzi akija, sahihi yake ndiyo itakayosema.

Kwa hiyo ukialikwa, kabla ya kukubali, andika ujumbe mfupi: 300,000 ni kabla ya kodi au mkononi? Mtakata asilimia ngapi, kwa kifungu gani? Nauli italipwa kwa tiketi? Cheti nitakipata lini? Nao wakikuahidi 300,000 mkononi, jua kiasi ghafi ni 300,000 gawa kwa 0.95, yaani kama 315,790. Wengi huongeza 15,000 tu wakidhani wamemaliza. Asilimia 5 ya 315,000 ni 15,750, nawe unabaki na 299,250. Ni shilingi 750 tu, lakini zinakuonyesha kama aliye mbele yako anajua anachokata.

Atakayeyaona maswali haya ni usumbufu, acha amwalike mwingine. Mimi ile 30,000 bado naidai, pamoja na cheti cha 15,000.